Mbona watu wa mapishi bado wanabonyeza tangazo langu la dagaa?

*"Nauza dagaa wa Mwanza waliochambuliwa, paketi za nusu kilo na za kilo, kwenye duka langu la mtandaoni, na natuma mikoani kwa basi. Kila Jumatatu nafungua ripoti ya Google Ads, natia tiki maneno yasiyonihusu na kuyazuia. Nimeshazuia 214, lakini watu wa mapishi na wa dagaa wa Kigoma bado wanabonyeza na hela zinakwisha. Nakosea wapi?"* — Mama wa dagaa, Kirumba, Mwanza

Dada yangu, kosa halipo kwenye bidii yako, lipo kwenye mabano. Unapotia tiki mstari ndani ya ripoti ya `Search terms` kisha ukabonyeza `Add as negative keyword`, Google huuweka mstari huo ndani ya mabano ya mraba, namna hii: `[jinsi ya kupika dagaa wa mwanza]`. Mabano hayo maana yake ni "zuia mtu aliyeandika hivi hivi tu, bila neno kuzidi wala kupungua." Kesho mwingine akiandika "jinsi ya kupika dagaa wa mwanza wakavu", huyo hajazuiwa. Akiandika "namna ya kupika dagaa", naye anapita. Umezuia sentensi 214 na watu wanaendelea kutunga nyingine kila siku.

Kuna njia tatu za kuandika neno la kuzuia, na tofauti zake ndizo zitakazokuokolea hela. Ya kwanza ni hiyo ya mabano, sentensi nzima kama ilivyo. Ya pili ni alama za kunukuu: `"kupika dagaa"` huzuia utafutaji wowote wenye maneno hayo mawili yakifuatana kwa mpangilio huo, hata kama kuna mengine mbele au nyuma. Ya tatu ni neno tupu lisilo na alama: `kupika` huzuia kila utafutaji wenye neno hilo popote lilipo. Ukiandika maneno mawili au matatu bila alama, Google huzuia pale tu yote yanapokuwepo, kwa mpangilio wowote. Ndiyo maana `dagaa wa kuku` bila alama haimzuii aliyeandika "chakula cha kuku dagaa", kwa sababu "wa" halimo. Neno moja tu, `kuku`, lingemaliza kazi.

Mpaka hapo mtu angekwambia: basi andika `kupika` na mambo yaishe. Hayaishi, na hapa ndipo Kiswahili chetu kinapodai kazi ya ziada.

Maneno unayoyanunua, yale yanayoleta tangazo, Google huyatanua yenyewe. Ukinunua `dagaa`, inatafuta pia yanayofanana na yanayokaribiana kwa maana. Maneno ya kuzuia haiyatanui. Haijui kwamba `mapishi` na `kupika` ni ndugu. Haizuii wingi ukiwa umeandika umoja, wala haizuii kisawe. Tangu 2024 neno la kuzuia linakamata pia makosa ya tahajia, lakini "unapikaje" si kosa la tahajia, ni neno jingine kabisa. Mzungumzaji wa Kiingereza ana maumbo machache ya kuzuia kwa kitenzi kimoja. Sisi tuna kupika, pika, napika, unapika, unapikaje, wanapikaje, kupikwa, kupikia, mapishi, pishi, upishi, na kila moja kwa Google ni neno jipya.

Nililijua hili kwa gharama. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilisimamia kampeni ya duka la vitenge, na watu wengi walikuwa wakitafuta picha za mitindo tu. Nikazuia `mishono`. Wiki tatu baadaye nikakuta "mshono wa kitenge" bado unakula bajeti, kwa sababu kwangu mimi umoja na wingi ni neno moja na kwa mashine ni mawili. Tangu siku hiyo, kila jina ninalolizuia naandika umoja na wingi wake papo hapo kabla sijaendelea.

Sasa tufanye kazi kwa ripoti yako uliyonitumia, ya siku 28. Umetumia shilingi 252,000, umepata kliki 1,260, sawa na shilingi 200 kwa kliki, na umeandika oda 18. Kila oda imekugharimu 14,000 ya tangazo, na umesema faida yako kwa oda ni kama 9,000. Kwa hiyo kila paketi inayotoka Kirumba kupitia tangazo hili inaondoka na hasara. Ni vizuri kuliona hilo kwanza, maana kipimo cha kazi yetu yote ni hiyo gharama ya oda moja.

Jambo la pili la kuona ni kwamba mistari ya ripoti yako ukiijumlisha haifiki 252,000. Inafika 189,000. Zile 63,000 nyingine hazijapotea. Tangu Septemba 2020 Google haionyeshi utafutaji ulioandikwa na watu wachache mno, inaujumlisha tu pamoja chini kabisa. Kwa hiyo robo ya hela yako imeliwa na sentensi ambazo hutaziona kamwe na huwezi kuzitia tiki. Silaha inayozifikia vizuri zaidi ni neno tupu, kwa sababu mtu aliyeandika sentensi ndefu ya ajabu kuhusu kupika, hata kama Google haikuonyeshi, bado "kupika" limo humo.

Basi acha kusoma ripoti mstari kwa mstari, isome neno kwa neno. Ipakue, ifungue kwenye Google Sheets, futa mistari ya juu ya kichwa na tarehe, futa na ile ya jumla iliyo chini. Baki na safu nne: A utafutaji wenyewe, B kliki, C gharama, D oda. Kisha andika pembeni:

```
=SUMIF(A2:A600,"*pik*",C2:C600)
=SUMIF(A2:A600,"*pik*",D2:D600)
```

Ya kwanza inajumlisha gharama ya kila mstari wenye herufi "pik" ndani yake, ya pili inajumlisha oda zake. Rudia kwa `*pish*`, `*kigoma*`, `*biashara*`, `*mtaji*`, `*faida*`, `*jumla*`, `*gunia*`, `*kuku*`, `*bei*`, na kila neno unaloliona linajirudia.

Uwe mwangalifu na kitu kimoja hapa. Sheets inatazama herufi, Google inatazama maneno. Kwenye Sheets mzizi "pik" unakukusanyia kupika, unapikaje na kupikwa, na kwenye ripoti yako umekuletea pia "kutuma dagaa kwa pikipiki mwanza mjini", ambaye ni mteja. Na ukiupeleka mzizi huo Google kama neno la kuzuia, `pik`, hautazuia chochote, kwa kuwa hakuna mtu anayeandika "pik". Mzizi ni wa kuvulia. Ukishavua, unaorodhesha maneno kamili uliyoyapata. Kuyaona yote kwa macho tumia hii:

```
=FILTER(A2:A600,ISNUMBER(SEARCH("pik",A2:A600)))
```

Kwako matokeo yalikuwa hivi. Ukoo wa kupika na mapishi ulikula 48,000 bila oda hata moja. Watu wa biashara, mtaji na faida, 30,000 bila oda. Jumla na gunia 15,000, kuku 9,000, bila oda. Kigoma 22,000 kwa wale wanaotaka dagaa wa Kigoma wenyewe, nao hawakununua. Baadhi ya mistari imehesabiwa mara mbili, kama "mtaji wa biashara ya dagaa jumla", kwa hiyo ukiondoa marudio, jumla ya hela isiyokuhusu ni 121,000 kati ya zile 189,000 zinazoonekana. Zilizobaki, 68,000, ndizo zilizoleta oda 13 zinazoonekana kwenye ripoti. Hiyo ni kama 5,200 kwa oda. Duka lako linauza, dada. Kinacholikondesha ni wageni wasio wake.

Tuchukue koo mbili tuzifanye hadi mwisho, kwa sababu zimebeba ugumu wote. Zilizobaki utazifanya mwenyewe kwa mtindo huo huo.

Mapishi kwanza. Kliki 240 bila oda ni ushahidi tosha, na maana yake pia iko wazi: anayetaka kujua namna ya kupika tayari ana dagaa jikoni. Hapa neno tupu linafaa. Lakini kabla ya kuzuia `kukaanga` nilisimama. Kwenye soko letu dagaa wa kukaanga ni bidhaa, wanauzwa kwenye paketi, na mtu anayewatafuta anataka kununua dagaa tu, hata kama wako si wa kukaanga. Wakati huo huo kuna anayetafuta "jinsi ya kukaanga dagaa", naye hanunui. Neno ni lile lile, watu ni wawili. Kinachowatenganisha ni mpangilio: anayepika huanza na kitenzi, "kukaanga dagaa", anayenunua huanza na bidhaa, "dagaa wa kukaanga". Na alama za kunukuu zinaheshimu mpangilio. Hivyo orodha yako ya mapishi inakuwa hii:

```
kupika
pika
napika
unapika
unapikaje
wanapikaje
kupikwa
kupikia
mapishi
pishi
upishi
rosti
recipe
recipes
"kukaanga dagaa"
```

Yale mawili ya Kiingereza yamo kwa sababu nimeyaona kwenye ripoti yako, watu wetu huchanganya lugha kwenye simu. Hayo ni maumbo niliyoyakuta pamoja na machache ninayoyategemea. Sijaandika kila umbo ambalo sarufi inaliruhusu, hakuna haja. Yatakayotokea wiki zijazo utayaongeza. Kuna hatari ndogo kwa `kupika`: ukianza kujitangaza kwa maneno kama "dagaa tayari kwa kupika", utakuwa umejizuia mwenyewe. Kwa sasa hujitangazi hivyo. Ukija kubadili tangazo, rudi kwenye orodha hii kwanza.

Sasa Kigoma. Haraka ya kwanza ya mtu yeyote ni kuandika `kigoma` na kwenda zake. Lakini tazama mstari mmoja kwenye ripoti yako, wa kliki mbili tu: "dagaa wa mwanza kutuma kigoma". Huyo alinunua. Labda ni mtu wa Kanda ya Ziwa anayefanya kazi Kigoma na anataka dagaa wa kwao. Neno tupu lingemfukuza. Na `dagaa kigoma` bila alama lingemfukuza vilevile, kwa kuwa maneno yote mawili yamo kwenye sentensi yake. Dagaa wa Ziwa Tanganyika na hawa wetu wa Victoria ni samaki tofauti, na mteja anayewataka wale hatashawishika na hawa. Lakini mji wa Kigoma ni mahali basi linapofika. Kwa hiyo unazuia bidhaa, huzuii mji.

Hapo tena Kiswahili kinadai chake, kwa sababu neno dagaa watu hawakubaliani nalo. Shuleni tunafundishwa dagaa wa, mtaani utasikia dagaa za, na wapo wanaoandika dagaa ya. Wengine huacha kiunganishi kabisa. Ripoti yako ina zote nne:

```
"dagaa wa kigoma"
"dagaa za kigoma"
"dagaa ya kigoma"
"dagaa kigoma"
mgebuka
migebuka
```

Migebuka nimeiongeza kwa kuwa ni samaki wa Tanganyika na anayemtaja hakutafuti wewe. Mstari wa nne, `"dagaa kigoma"`, unaweza kumgusa mtu aliyeko Kigoma anayetafuta dagaa wowote. Nimeupima: kliki zake zilikuwa 31 na hakuna oda, na kwa hali ya kawaida mtu wa Kigoma akisema dagaa anamaanisha wa kwao. Nimeamua kuuzuia. Ukitaka kuwa mpole zaidi, uache mwezi mmoja uone.

Neno hilo la kuacha mwezi mmoja lina hesabu nyuma yake, na ningependa uishike kwa sababu itakuzuia kufukuza wateja. Ukiondoa wasiokuhusu, duka lako linapata oda moja kwa kila kliki 25 hivi. Sasa neno likiwa na kliki 25 na oda sifuri, je, ni baya? Bado hujui. Hata neno zuri lenye kiwango hicho hicho cha oda moja kwa 25 lina nafasi zaidi ya moja kwa tatu ya kukupa sifuri kwa bahati tu. Likifika kliki 75 bila oda, nafasi hiyo inashuka chini ya moja kwa 20, na hapo unaweza kulihukumu. Kwa hiyo pima kwa njia mbili. Maana ya neno ikionyesha wazi kwamba mtu huyo hawezi kununua unachouza, kama mtaji au nyavu za dagaa, usingoje hata kliki ya pili. Maana ikiwa na utata, ngoja 75.

Neno lenye utata kwako ni "unga wa dagaa". Lina kliki 12, oda sifuri. Huuzi unga, lakini nyuma ya maneno hayo kuna mama anayetaka kumwongezea mtoto lishe, na huenda akachukua dagaa wakavu asage mwenyewe. Liache. Na ukiona maswali yake yanaongezeka WhatsApp, hiyo ni bidhaa inakuita.

Na neno ambalo nakuomba usiliguse ni `bei`. Nimekuta kwenye orodha yako ya 214 umezuia `[bei ya dagaa mwanza]` na `[dagaa bei gani]`. Naelewa ulikotoka, unaona watu wanaulizia bei halafu wanaondoka. Lakini kwetu sisi hakuna anayenunua bila kuuliza bei, ni salamu ya soko. Kwenye hesabu yako mistari yenye "bei", ukiondoa ya jumla na gunia, iligharimu 26,000 na ikaleta oda 6 kati ya zile 13. Ndilo neno lako bora kuliko yote. Yaondoe hayo mawili leo. Kama wengi wa bei ni wafanyabiashara, kinachowatambulisha ni gunia, jumla, debe na tani, na hayo ndiyo ya kuzuia, alimradi huuzi kwa jumla.

Kuhusu "omena": ni jina la Kenya, na ulikuwa unafikiria kulizuia kwa kuwa hutumi nje ya nchi. Usilizuie. Upande wa Mara, Tarime na Rorya, wapo Watanzania wanaolitumia, na basi lako linafika huko. Kama kliki za nje ya nchi ndizo zinazokusumbua, tatizo hilo linatibiwa kwenye mipangilio ya mahali ya kampeni: chagua `Presence` peke yake, ili watu walioko Tanzania au wanaokuwa Tanzania mara kwa mara ndio waone tangazo, na si kila mwenye kuonyesha nia ya kujua habari za Mwanza.

Yote haya yaweke wapi? Usiyatie moja kwa moja kwenye kampeni. Nenda `Tools`, kisha `Shared library`, kisha `Exclusion lists`, utengeneze orodha mbili za maneno ya kuzuia. Moja iwe ya watu wasionunua chochote: ajira, mtaji, maana ya, mapishi. Nyingine iwe ya bidhaa usizouza wewe: Kigoma, migebuka, nyavu, kuku. Kisha uziunganishe na kampeni yako. Ukifungua kampeni ya pili, tuseme ya sangara wa kukausha, ya kwanza unaiunganisha karibu kama ilivyo, ya pili unaisoma upya kabla ya kuigusa.

Nasisitiza kusoma upya kwa sababu niliwahi kumwumiza mteja kwa kutofanya hivyo. Nilikuwa na orodha moja nzuri yenye neno `picha`, maana watu wengi hutafuta picha za bidhaa bila nia ya kununua. Nikaiunganisha na kampeni mpya ya duka lile lile, ya kuuza fremu za picha. Kwa siku tisa tangazo lile halikuonekana kabisa na nilikuwa nalaumu bajeti ndogo. Dalili ilikuwa wazi, nisingalipaswa kuikosa: idadi ya mara tangazo linapoonekana ilikuwa sifuri, si kliki chache. Neno la kuzuia likigonga neno unalonunua, Google haikwambii kwa sauti. Wakati mwingine huweka taarifa kwenye ukurasa wa mapendekezo, lakini usiitegemee.

Badala yake, ukishamaliza kuweka orodha, fungua `Ad Preview and Diagnosis` iliyo chini ya `Tools`. Andika humo sentensi kumi ambazo wateja wako halisi huandika: dagaa wa mwanza bei, nunua dagaa mtandaoni, dagaa waliochambuliwa dar, dagaa wa mwanza kutuma kigoma. Kila moja ilete tangazo. Kisha andika kumi za wasiokuhusu, uhakikishe hazileti. Usijaribu kwa kujitafuta kwenye Google ya kawaida, utaharibu takwimu zako mwenyewe, na siku ukibonyeza kwa bahati mbaya utalipa.

Bado kuna chanzo. Umenunua neno `dagaa` tupu, bila alama, na hilo linaipa Google ruhusa ya kukuletea karibu kila mtu anayewaza dagaa. Ukizuia tu bila kulishughulikia hilo unakumba maji mtumbwini na tundu liko wazi. Lisimamishe. Nunua `"dagaa wa mwanza"`, `"dagaa waliochambuliwa"`, `"nunua dagaa"`, `"bei ya dagaa"`, kwa alama za kunukuu. Kumbuka upande huu wa kununua Google bado inatanua kidogo kwa maana, hivyo orodha za kuzuia zinabaki na kazi, ila kazi inakuwa ndogo.

Usitarajie matumizi ya mwezi yashuke. Bajeti yako ni 9,000 kwa siku na Google itaitumia, ila kwa watu wengine. Ukitazama jumla ya hela mwisho wa mwezi utadhani hakuna kilichobadilika. Tazama gharama kwa oda. Kama ilikuwa 14,000 na sasa inakaribia 7,000 au 8,000, orodha inafanya kazi. Na kwa kuwa oda zako nyingi zinamalizikia WhatsApp na malipo ya simu, usihesabu aliyebonyeza kitufe cha WhatsApp kuwa ameagiza. Wapo waliobonyeza kuuliza mapishi. Weka ujumbe wa kuanzia kwenye kitufe hicho cha tovuti, kwa mfano "Naomba dagaa, nimetoka Google", na kwenye daftari lako weka alama kwa yule aliyelipa.

Zile 214 za zamani, ukishaondoa mbili za bei, pitia zilizobaki uone kama kuna mteja mwingine uliyemfungia. Zisizo na madhara ziache zilivyo, hazikuli hela. Ripoti isome kila Jumatatu kwa mwezi wa kwanza, kisha mara mbili kwa mwezi inatosha, na kila mara anza na Sheets kabla ya kugusa tiki. Nimeona kwenye mistari yako "bei ya dagaa leo" ikiwa na kliki 40 na oda moja. Hilo "leo" nina shaka nalo, linanukia wafanyabiashara wa soko la Mwaloni wanaofuata bei ya asubuhi, lakini oda moja kwa 40 haijatosha kulihukumu. Lifuatilie hadi kliki 75, kisha niandikie umepata nini.